Shajara ya barua moja: kutoka sosholojia kwenda kwenye ramani

Jumatatu

Tangazo linataka watarajali wawili kwa miezi sita, kampuni ya upimaji na ramani hapa Dar. Sifa: "shahada ya jiomatiki, jiografia, mipango miji au fani inayoendana." Mimi nina shahada ya sosholojia. Ukisoma harakaharaka, haiendani. Mwisho wa kupokea maombi ni Jumatano ya wiki ijayo, saa 9:30 alasiri. Barua isizidi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, iambatanishwe na wasifu, nakala ya cheti na transkripti.

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa tangazo lenyewe ni la Kiswahili na mambo ninayotaka kueleza nimeyaishi kwa Kiswahili. Shajara hii ni ya barua hiyo tu. Wasifu ninao tayari, hauna tabu.

Jumanne

Rasimu ya kwanza imetoka kwa dakika chache, na hilo lenyewe limenitia wasiwasi. Imeanza hivi:

> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mhitimu wa shahada ya kwanza. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kufanya kazi na ramani…

"Husika na kichwa cha habari" tumefundishwa sekondari na wala si dhambi, ila inakula mstari ambao msomaji angeutumia kujua mimi ni nani. Balaa liko kwenye ule utoto. Kwanza si kweli. Ramani niliziona kidato cha tano na cha sita kwenye jiografia ya HGL, nikazifanyia mtihani, nikazisahau. Pili, hata ingekuwa kweli, ingezaa swali ambalo barua haiwezi kulijibu: kama ndoto ni ya tangu utotoni, mbona miaka mitatu umesoma kitu kingine?

Pia nimegundua neno "sosholojia" halimo popote kwenye rasimu. Nimeandika "mhitimu wa shahada ya kwanza" nikanyamaza, na cheti kimeambatanishwa palepale.

Jumatano

Nimempelekea shemeji, mume wa dada. Yeye ni afisa rasilimali watu kwenye ofisi ambayo kila mwaka hupokea maombi ya namna hii kwa mafungu. Akasoma akiwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, unajua mimi huanza na nini nikifungua bahasha?"

"Barua."

"Cheti. Barua naisoma nikishajua umesoma nini. Sasa nimeona sosholojia, nafungua barua nipate jibu, barua inanisimulia utoto wako. Mimi naona unanikwepa."

Nikamwonyesha aya ya pili, niliyoandika kwamba kozi niliyosoma nilichaguliwa tu, haikuwa chaguo langu la kwanza. Hilo ni kweli kabisa. Akatikisa kichwa.

"Hapa umeanza kujitetea kabla sijakushtaki. Halafu unaitukana shahada yako mbele yangu. Kama miaka mitatu ilikuwa bure, nikuchukue nikupe nini?"

Nilitaka kubishana naye, maana jambo la kweli si lazima lifichwe. Nikitafakari, naona suala hapa ni faida yake kwa msomaji. Namna nilivyochaguliwa chuo inamweleza hali yangu nikiwa na miaka 19. Yeye anataka kujua nitafanya nini mezani kwake mwezi ujao. Nimelifuta. Nikiulizwa kwenye usaili nitalisema kwa sentensi moja, bila kulalamika.

Kwa hiyo mpangilio umegeuka. Sosholojia inatajwa kwenye sentensi ya pili ya barua, waziwazi. Baada yake inakuja kazi niliyokwisha kuifanya yenye ramani ndani yake. Sababu ya kuhama inafuata kazi hiyo, kwa sababu ikitangulia itasomeka kama udhuru.

Alhamisi na Ijumaa

Siku mbili zimeishia kwenye aya ya ushahidi. Ili nijue naweza kudai nini, imenibidi nifungue upya mafaili ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu.

Utafiti ulikuwa Hananasif, Kinondoni, kando ya Mto Msimbazi. Swali lilikuwa la kisosholojia: kwa nini wapangaji hurudi kuishi kwenye nyumba zilezile baada ya mafuriko? Nilihitaji sampuli ya kaya. Nikaenda serikali ya mtaa, nikapewa orodha. Orodha ilikuwa ya wenye nyumba, na wengi wao hawaishi pale. Wapangaji, ambao ndio swali langu lote, hawakuwamo.

Bahati nzuri mitaa ya bonde lile ilikwisha kuchorwa. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata za Dar zinazokumbwa na mafuriko, na kazi ile iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, paa kwa paa. Nikapakua majengo ya eneo langu, nikayafungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, nikapata mapaa 900 hivi. Hiyo ndiyo ikawa orodha yangu. Kompyuta ikachagua 90 kwa bahati nasibu, nami nikayafuata mguu kwa mguu na simu mkononi.

Hapo ndipo pana jambo linaloweza kumfaa mtu wa kampuni ya ramani, na nilikuwa sijaliandika hata kwa neno moja. Paa si kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, na jirani yake ina familia moja. Kila paa lilikuwa na nafasi 1 kati ya 10 ya kuchaguliwa. Kwenye nyumba ya familia moja, nafasi ya kaya ni hiyohiyo 1 kati ya 10. Kwenye nyumba ya kaya sita, ambako nilichagua moja tu ya kuhoji, nafasi ya kila kaya inashuka hadi 1 kati ya 60. Ukijumlisha majibu bila kurekebisha, wapangaji wa nyumba zilizojaa wanapungua kwenye matokeo, na wao ndio uliokwenda kuwatafuta. Kwa hiyo mlangoni niliuliza kwanza idadi ya kaya, nikaiandika, na kila jibu likapewa uzito:

```
uzito = (mapaa yote / mapaa yaliyochaguliwa) × kaya ndani ya nyumba
```

Nyumba ya familia moja ina uzito wa 10, ya kaya sita 60. Hesabu yenyewe ni ya darasani kwetu sosholojia, lakini bila ramani nisingekuwa na 900 ya kuanzia. Nimekaa na karatasi nikitafuta namna ya kulisema hili kwa sentensi mbili. Jaribio lililoanza na "mbinu shirikishi za kijiografia" nimelitupa. Sentensi inayosema "paa moja linaweza kuwa na kaya sita" imebaki, kwa kuwa mpimaji yeyote aliyewahi kutembea Manzese ataielewa papo hapo.

Ushahidi wa pili ni ukanda wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nami nilitaka kujua nyumba zipi kwenye sampuli yangu zimo humo. Data ya OpenStreetMap huja kwenye mfumo wa majiranukta wa `EPSG:4326`, ambako umbali unahesabiwa kwa digrii. Ukifungua `Buffer`, kifaa cha kuchora ukanda, ukaandika 60, QGIS inaelewa digrii 60. Digrii moja ni kama kilometa 111, kwa hiyo ukanda wako unameza karibu Afrika yote. Dalili haina mficho: mji wote unafunikwa rangi moja, na pembeni ya kisanduku cha umbali kuna alama ya onyo na neno `degrees`. Dawa yake ni kuhamisha tabaka kwanza kwenda `EPSG:32737`, kanda ya UTM inayoihusu Dar, ambako kipimo ni mita, kisha kuchora ukanda, kisha kupima kwa rula ya QGIS kuona kama kweli ni 60.

Kuna jambo nililotaka kulipita kimyakimya. Mstari wa mto niliotumia unapita katikati ya mto, na sheria inahesabu kutoka ukingoni. Ukanda wangu kwa hiyo ni mwembamba kuliko unavyotakiwa kisheria, na baadhi ya nyumba nilizoziweka nje huenda zimo ndani. Kwenye barua nitaandika "makadirio". Atakayesoma ni mtu wa fani, na neno hilo litamweleza kwamba najua tofauti iko wapi.

Namba za usahihi wa jipiesi ya simu niliyotembea nayo nimeziacha nje ya barua. Ukurasa ni mmoja.

Jumamosi

Leo aya ya mabadiliko. Nimeorodhesha sababu zangu zote za kweli, pamoja na zile nisizozipenda:

Kazi ya ramani ilinivuta kuliko mahojiano yenyewe. Baada ya utafiti nilirudi tena na tena kwenye mafaili ya ramani, madodoso nikayaacha. Nimejifunza QGIS kwa kufuata mwongozo wake wa mafunzo, nyumbani, bila mwalimu. Na ajira za sosholojia ni chache, nami nahitaji pa kuanzia.

Hii ya mwisho niiandike? Shemeji kasema kwa simu: "Hilo kila mtu analijua, shemeji. Ukiliandika, nitasikia kwamba hapa umekuja kujibanza mvua ipite." Binafsi naona kutolitaja si uongo, mradi nisiandike kitu kinacholikanusha. Kulikuwa na sentensi niliyoipenda sana: "Sina mpango wa kurudi kwenye fani yangu ya awali." Nimeifuta, kwa kuwa mwezi uliopita niliomba nafasi kwenye ofisi ya ustawi wa jamii na sijajibiwa. Ningeiacha, barua ingekuwa na uongo mmoja, na huo ndio ungeulizwa.

Wasiwasi wa mwajiri lakini una haki yake: huyu ataondoka katikati? Hapo naweza kuahidi kilicho mkononi mwangu, kwamba nitakuwepo miezi yote sita. Nimeandika hivyo.

Neno "shauku" limeondoka. Mahali pake nimeweka kitendo na wakati wake: nilianza lini, nikafanya nini. Mtu akisoma kwamba baada ya kuhitimu niliendelea kuchora majengo yaliyokosekana kwenye ramani ya mtaa ule, shauku ataihesabu mwenyewe.

Jumapili

Aya ya mipaka. Rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli moja amesoma jiomatiki, nimemuuliza yeye anajua nini ambacho mimi sikijui. Akacheka, akaanza kuhesabu: upimaji wa uwanjani kwa totosteshi, ile mashine ya kupima pembe na umbali, marekebisho ya makosa ya vipimo, ramani za picha za droni, upimaji wa viwanja, ambao una sheria zake na wapimaji wake waliosajiliwa.

"Wewe usijaribu kujifanya unajua hata kimoja," akasema. "Siku ya kwanza watakupa totosteshi uisimike, utaumbuka."

Nimeandika viwili tu kati ya hivyo, vile ambavyo tangazo limevigusa. Kuvitaja vyote kungeifanya barua iwe orodha ya upungufu. Kila nisichokijua nimekiwekea pembeni kazi ninayoweza kuanza nayo huku nikijifunza: kusafisha data za uwanjani, kuandaa dodoso la simu, kuchora majengo kutoka kwenye picha za setilaiti. Kazi hizi zipo kwenye kila ofisi ya ramani, na rafiki yangu anasema kwao ndizo zinazokimbiwa.

Jumatatu, usiku

Barua imetimia. Anwani na sahihi nimeziondoa hapa.

> YAH: MAOMBI YA NAFASI YA UTARAJALI, IDARA YA RAMANI
>
> Ninaomba nafasi ya utarajali wa miezi sita katika idara ya ramani, kama ilivyotangazwa. Shahada yangu ni ya sosholojia. Ninaomba nafasi hii kwa sababu utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulinihitaji nifanye kazi ya ramani, na kazi hiyo ndiyo nimeendelea nayo tangu hapo.
>
> Utafiti ulihusu wapangaji wa Hananasif wanaorudi bondeni baada ya mafuriko. Orodha ya mtaa ilikuwa na wenye nyumba tu, hivyo nilitumia majengo ya OpenStreetMap, takriban mapaa 900, kuchagua nyumba 90 kwa bahati nasibu katika QGIS. Kwa kuwa paa moja linaweza kuwa na kaya sita, nilihesabu kaya kila mlangoni na kuyapa majibu uzito kulingana na idadi hiyo. Nilichora pia ukanda wa mita 60 wa Mto Msimbazi katika EPSG:32737 ili kutambua nyumba zilizomo. Ukanda huo ni makadirio, kwa sababu ulipimwa kutoka katikati ya mto na si ukingoni. Ramani yake nimeiambatanisha.
>
> Kabla ya utafiti huo sikuwa na mpango wa kufanya kazi ya ramani. Nilipoona kwamba swali la kijamii halijibiki bila kujua nani anaishi chini ya paa gani, nilianza kujifunza QGIS kwa mwongozo wake wa mafunzo, na tangu nihitimu nimekuwa nikiongeza kwenye OpenStreetMap majengo yaliyokosekana katika mtaa ule. Sosholojia sijaiacha, naitumia kila ninapolazimika kuuliza kama data iliyoko kwenye ramani inawahesabu watu wote.
>
> Sijasomea upimaji wa uwanjani wala uchakataji wa picha za droni, na nitahitaji kufundishwa. Ninachoweza kuanza nacho siku ya kwanza ni kuandaa madodoso ya simu yenye jipiesi, kusafisha data zinazorudi, kuchora majengo kutoka kwenye picha za setilaiti, na kuzungumza na viongozi wa mtaa na wakazi kabla timu haijaingia.
>
> Nipo tayari kuanza wakati wowote na nitakuwepo kwa miezi yote sita. Nimeambatanisha wasifu, nakala ya cheti, transkripti na ramani niliyoitaja.
>
> Wako mtiifu,

Ile ahadi ya kuzungumza na viongozi wa mtaa imeongezwa na shemeji. Anasema kwenye kila mradi wa uwanjani aliouona, timu hukwama kwa mtendaji kabla haijakwama kwenye mitambo.

Ramani yenyewe nimeihariri upya: kipimo cha umbali, mshale wa kaskazini, chanzo cha data chini yake. OpenStreetMap wanataka watajwe kila data yao inapotumika, na kampuni ya ramani ingekuwa ya kwanza kuona nikiwasahau. Majina ya waliohojiwa na namba za nyumba nimeyaondoa, nikabakiza rangi ya jengo tu. Watu wale waliongea nami kwa sharti la kutotambulika.

Jumanne

Imetumwa kwa baruapepe, faili moja la PDF, barua ikiwa ukurasa wa kwanza na ramani wa pili, kabla ya vyeti. Shemeji alishauri ramani iwe ya mwisho kama kiambatanisho cha kawaida. Nimemkatalia: kama anaanza na cheti, basi akutane na ramani akiwa njiani.

Wiki iliyofuata, Alhamisi

Wamepiga simu. Usaili Jumatatu, na nije na kompyuta yangu yenye ule mradi wa Hananasif niufungue mbele yao. Swali pekee la kwenye simu lilikuwa: "Hizo nyumba 90, unaweza kuzichagua upya tukiwa tumekaa hapo?"

Naweza, ila faili la mradi wa QGIS halibebi data ndani yake, linahifadhi njia za kuzifikia tu, na yangu imetawanyika kwenye folda za chuo na flashi mbili. Usiku wa leo ni wa kukusanya matabaka yote kwenye faili moja la `.gpkg`, kuyaunganisha upya na mradi, na kuufungua kwenye kompyuta ya rafiki yangu kuhakikisha hakuna tabaka linalopotea.